Barua kwa Mteja: Ufafanuzi wa Jumla ya Ankara Na. 2417 na Taarifa ya Akaunti Iliyosahihishwa

Kumb. Na. HW/2417/04
16 Aprili 2025

Meneja wa Fedha,
Idara ya Fedha na Manunuzi.

Ndugu Meneja,

YAH: UBISHI WA JUMLA YA ANKARA NA. 2417 YA TAREHE 4 MACHI 2025

Tumeipokea barua yako ya tarehe 7 Aprili pamoja na nakala ulizoambatanisha. Nashukuru kwa nakala hizo, kwani bila ya ile hati ya makabidhiano ya mzigo yenye sahihi ya mtunza stoo wenu tungekuwa bado tunabishana.

Niseme kwanza tulikofika. Taarifa ya akaunti tuliyowatumia tarehe 31 Machi ilionyesha kwamba mnadaiwa Sh 15,481,600. Ninyi mnasema deni ni Sh 8,385,616. Baada ya kupitia ankara, oda yenu, vitabu vya ghala na taarifa ya benki, salio sahihi ni Sh 8,679,200. Kwa hiyo, katika hoja nne mlizoleta, tatu tumezikubali zote. Iliyobaki ni moja tu, yenye thamani ya Sh 293,584, nayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo pekee ambayo bado hatujakubaliana.

Katoni 8 za karatasi. Ankara inadai katoni 120 za karatasi za A4 kwa Sh 60,000 kila moja. Nakala yetu ya hati ya makabidhiano inasomeka 120, imesainiwa, haina doa. Nakala yenu, namba ileile na sahihi ileile, ina mstari wa kalamu ya bluu chini ya jedwali: "Katoni 8 zimelowa, amerudi nazo dereva." Mtunza stoo aliandika maneno hayo baada ya nakala kuchanwa kitabuni, na ndiyo maana hayakupenya kwenye karatasi ya chini iliyorudi ofisini kwetu. Tulikwenda kuangalia kitabu cha ghala. Jioni ya tarehe 6 Machi kuna katoni 8 zilizopokelewa kutoka kwenye gari hilohilo, zikawekwa upande wa mali iliyoharibika. Mmepokea 112 na mtalipia 112. Zinaondoka Sh 480,000 kabla ya kodi.

Usafirishaji. Hati yenu ya oda inasema wazi kwamba bei ni pamoja na kufikisha mzigo stoo, na sisi tuliipokea oda hiyo bila kuipinga. Sh 200,000 za usafiri zilizoongezwa kwenye ankara hazina msingi. Zimeondolewa.

Malipo ya Sh 6,000,000 ya tarehe 28 Machi. Fedha hizi ziliingia benki siku hiyohiyo mliyosema. Hazikuonekana kwenye akaunti yenu kwa sababu ujumbe wa malipo ulikuwa na maneno mawili tu, "malipo vifaa", bila jina la kampuni wala namba ya ankara, zikawekwa kwenye akaunti ya fedha zisizotambuliwa mwenyewe. Namba ya muamala iliyo kwenye stakabadhi uliyoambatanisha ndiyo iliyotuwezesha kuzitambua. Sasa zimehamishiwa kwenu kwa tarehe yake halisi, 28 Machi, si tarehe tuliyozigundua. Tunaomba siku zijazo anayeandaa malipo aandike namba ya ankara kwenye sehemu ya maelezo. Tarakimu nne zinatosha.

Punguzo la asilimia 2. Hapa ndipo tunapotofautiana. Nukuu yetu ya bei inatoa punguzo la asilimia 2 kwa sharti moja: ankara ilipwe yote ndani ya siku 10 tangu tarehe yake. Kwa ankara ya tarehe 4 Machi, siku ya mwisho ilikuwa tarehe 14 Machi. Mnaandika kwamba mlilipa tarehe 14 Machi, na ni kweli mlilipa siku hiyo. Lakini malipo hayo yalikuwa Sh 3,540,000, na kwenye hati yenu wenyewe ya malipo imeandikwa "Ankara 2359". Hiyo ni ankara ya Februari, na kiasi hicho ni jumla yake kamili, hadi shilingi ya mwisho. Hata tukikubali kuyahamishia kwenye Ankara 2417, hayafiki robo yake, na Ankara 2359 ingebaki haijalipwa. Malipo ya kwanza ya Ankara 2417 ni yale ya tarehe 28, siku 24 baada ya ankara, nayo ni sehemu tu.

Nafahamu kwa nini jambo hili linachanganya. Punguzo limeandikwa kwenye nukuu chini kabisa ya bei, mahali ambapo wengi hutegemea kukuta punguzo la wingi wa bidhaa, ambalo mteja hulipata anunuapo tu. Hili si la aina hiyo. Ni la kulipa mapema, na halipo mpaka fedha ziingie kwa wakati. Siwezi kulitoa nje ya sharti lake kwa mteja mmoja huku wengine wakilipa siku ya tisa ili walipate. Ikiwa mna barua au ujumbe wowote kutoka kwa afisa mauzo wetu unaolegeza sharti hilo, tuleteeni. Utatufunga sisi, na hesabu nitaibadilisha.

Ukitaka kuhakiki, njia ni fupi. Kabla ya kodi, ankara ilikuwa Sh 13,120,000. Ukitoa 480,000 za karatasi na 200,000 za usafiri inabaki 12,440,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ni 2,239,200, na jumla ni 14,679,200. Ondoa 6,000,000 mlizolipa, unapata 8,679,200. Ninyi mlitoa asilimia 2 ya 12,440,000, yaani 248,800, kabla ya kuweka kodi. Kiasi hicho pamoja na kodi yake ndizo hizo Sh 293,584 zinazotutenganisha. Hesabu yenu haina kosa la kujumlisha popote. Tunachobishania ni haki ya punguzo lenyewe.

Mliomba tufute Ankara 2417 na kuandika nyingine kwa namba ileile. Hilo hatuwezi. Ankara hiyo imeshaingia kwenye ritani yetu ya kodi ya mwezi Machi, na ankara mbili tofauti zenye namba moja zitawaletea shida wakaguzi wenu kama zitakavyotuletea sisi. Badala yake tumetoa Hati ya Kupunguza Deni Na. 0183 ya tarehe 15 Aprili, yenye thamani ya Sh 802,400, yaani 680,000 pamoja na kodi ya 122,400. Tafadhali mfikishie mhasibu wenu wa kodi. Kama mlishadai kodi yote ya manunuzi iliyo kwenye ankara ya awali, hizo 122,400 zitapaswa kurudishwa kwenye ritani yenu ijayo. Itunzeni pamoja na Ankara 2417, msiichane, kwa kuwa mojawapo peke yake haielezi deni.

Kuhusu malipo, tarehe ya mwisho ya ankara hii ilikuwa 3 Aprili. Kwa kuwa taarifa mliyokuwa nayo mkononi haikuwa sahihi, hatutatoza riba ya ucheleweshaji kwa kipindi chote cha ubishi, na tarehe mpya ni 30 Aprili 2025. Tunaomba mlipe kufikia siku hiyo Sh 8,385,616 ambazo ninyi wenyewe mmezikubali. Zile 293,584 mnaweza kuzishikilia mpaka mtujibu kuhusu punguzo, mradi jibu litufikie kwa maandishi kabla ya tarehe hiyohiyo. Tusipopata jibu, tutachukulia kwamba mmeridhika na maelezo haya na salio lote litadaiwa.

Akaunti yetu ya benki ni ileile iliyochapishwa chini ya ankara. Haijabadilika. Nalisema hili kwa makusudi, maana barua za masahihisho kama hii ndizo matapeli hupenda kuziiga: mtu hutuma barua pepe akidai kwamba akaunti mpya ni hii. Mkipata ujumbe wa namna hiyo, msilipe. Pigeni kwanza simu kwa namba mliyo nayo kwenye mkataba, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Jambo la mwisho ni zile katoni 8, ambazo kwenye oda yenu bado hazijatimia. Kama mnazihitaji, mjulishe afisa mauzo naye atazileta kwa bei ileile ya Sh 60,000 na kwa ankara yake mpya. Kama hamzihitaji tena, andikeni tu kwamba oda ifungwe.

Wako katika kazi,

*(Sahihi)*
Mhasibu Mkuu
Idara ya Hesabu za Wateja

Nakala: Meneja Mauzo, Msimamizi wa Ghala

Viambatanisho:
1. Taarifa ya akaunti iliyosahihishwa, hadi 15 Aprili 2025
2. Hati ya Kupunguza Deni Na. 0183
3. Nakala ya ukurasa wa kitabu cha ghala, 6 Machi 2025
4. Nakala ya nukuu ya bei, sharti la punguzo likiwa limepigiwa mstari

---

KIAMBATANISHO 1: TAARIFA YA AKAUNTI ILIYOSAHIHISHWA

Kipindi: 1 Machi hadi 15 Aprili 2025. Taarifa hii inafuta na kuchukua nafasi ya ile ya tarehe 31 Machi 2025. Viwango vyote ni kwa shilingi, kodi ikiwemo.

| Tarehe | Maelezo | Deni | Malipo au punguzo la deni | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 1 Machi | Salio la nyuma (Ankara 2359 ya 10 Februari) | | | 3,540,000 |
| 4 Machi | Ankara 2417 | 15,481,600 | | 19,021,600 |
| 14 Machi | Malipo, Ankara 2359 | | 3,540,000 | 15,481,600 |
| 28 Machi | Malipo kupitia benki, Ankara 2417 (hayakuwemo kwenye taarifa ya awali) | | 6,000,000 | 9,481,600 |
| 15 Aprili | Hati ya Kupunguza Deni 0183: katoni 8 na usafirishaji | | 802,400 | 8,679,200 |

Salio linalodaiwa: Sh 8,679,200

Kati yake, lisilo na ubishi: Sh 8,385,616. Linalosubiri majibu kuhusu punguzo: Sh 293,584. Salio lote linatokana na Ankara 2417. Ankara 2359 imelipwa na kufungwa.

Tarehe ya mwisho ya malipo: 30 Aprili 2025.