Ombi la kukaguliwa upya: kibanda cha mahamri na mbaazi, Soko la Lamu

Kibanda cha chakula,
Soko la Lamu, karibu na Ngome,
Lamu.

10 Februari 2025

Kwa Afisa wa Afya ya Umma,
Idara ya Afya, Kaunti ya Lamu,
Lamu.

Bwana Afisa,

Assalamu alaikum.

KUH: KUKAGULIWA UPYA BAADA YA ILANI YA TAREHE 28 JANUARI 2025

Mimi ni muuzaji wa mahamri, mbaazi za nazi, viazi vya karai na samaki wa kukaanga hapo sokoni. Jumanne ya tarehe 28 Januari kibanda changu kilikaguliwa, nikaandikiwa ilani ya siku 14. Niliruhusiwa kuendelea na chai na mahamri, nikazuiwa kuuza mbaazi, viazi na samaki mpaka kibanda kikaguliwe tena. Zuio hilo nimelitii. Kasoro zilizoandikwa nimezirekebisha, isipokuwa moja isiyo mikononi mwangu, ambayo nitaieleza. Naomba mje mnikague, na ikiwezekana iwe kabla Ramadhani haijaandama.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia kwenye ilani na ndiyo yaliyonigharimu zaidi. Maji niliyokuwa nikitumia kuoshea vyombo yalikuwa ya kisima cha karibu, na yana chumvi hata sabuni haitoi povu. Sasa kibandani yanaingia maji ya bomba peke yake, yale yatokayo visima vya Shela, hamali ananiletea kila alfajiri kwa mitungi yenye vifuniko. Kata iliyokuwa ikichovywa mtungini na kila mwenye kiu nimeiondoa. Maji ya kunywa na ya kunawa yamo kwenye ndoo mbili tofauti zenye mabomba, na ile ya kunawa nimeiweka mbele, upande wa wateja, pamoja na sabuni, maana wengi hula mahamri kwa mkono wakitoka kushusha mizigo gatini.

Vyombo vinapita mabeseni matatu: la sabuni, la kusuuzia, na la maji yenye dawa ya klorini iliyopimwa kama kibandiko cha chupa kinavyoelekeza. Vikitoka hapo vinapangwa juu ya chanja vikauke vyenyewe. Kile kitambaa kilichokuwa kikifuta sahani na meza pamoja hakipo tena.

La pili ni mbaazi. Afisa aliyekuja alipima sufuria yangu mnamo saa tatu, akakuta mbaazi zimekuwa vuguvugu, akanieleza kwamba chakula kilichopikwa kisishuke chini ya nyuzi 60 za selisiasi kikingojea mteja. Nimenunua kipimajoto cha kuchomeka chakulani na nimebadilisha upishi wenyewe. Zamani tui lilitiwa lote kwa pamoja, na anayepika nazi anajua kwamba kwa joto letu hili tui ndilo la kwanza kuchacha. Zuio likiondolewa, mbaazi zilizochemshwa zitabaki jikoni zikitokota bila tui, na tui litatiwa kwenye sufuria ndogo, nyingine ikianza pale ya kwanza inapokaribia kwisha. Hiyo ndogo itakaa juu ya jiko la makaa, imefunikwa, na binti yangu ataipima mara kwa mara na kuandika daftarini. Daftari mtalikuta hapo. Kitakachobaki tukifunga hakitarudi kesho yake.

Viazi vya karai vitakaangwa kidogo kidogo kwa kadiri ya wateja waliopo, na mafuta yakianza kuwa meusi yatamwagwa kwenye debe lake, hayataongezwa mapya juu yake.

Samaki wabichi watakaa ndani ya kasha la barafu lenye kifuniko, na maji ya barafu inayoyeyuka yatatoka kwa bomba hadi ndooni. Wana kisu chao na ubao wao, ambao hauvuki kwenda upande wa vyakula vilivyoiva. Samaki waliokwisha kukaangwa, waliokuwa wazi juu ya sinia, sasa watawekwa ndani ya kabati la vioo lililotengenezwa na seremala wa hapa mjini, na watachukuliwa kwa koleo. Meza ya mbao iliyopasuka imevishwa bati la aluminiamu mpaka pembeni, mianya yote imezibwa.

Kuhusu kufungia chakula kwa magazeti: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, magazeti ya zamani ndiyo yaliyotuokoa wauzaji wengi wa soko hili, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ila nimeona mwenyewe wino ukibaki kwenye hamri la moto, na sitaki mtoto wa shule aule. Natumia karatasi safi za kaki. Gharama imepanda kidogo na nimeibeba, bei ya hamri haijapanda.

Vyeti vya afya: msaidizi ambaye cheti chake kilikuwa kimepita miezi sita amepimwa upya katika hospitali ya kaunti na amepata kipya. Nakala za vyeti vyetu sote watatu zimeambatishwa, na asili zimetundikwa kibandani.

Lililobaki ni mtaro unaopita mbele yangu, ambao vifuniko vyake vimevunjika. Mtaro ni wa soko, siwezi kuujenga. Nimemwandikia msimamizi wa soko na nakala ya barua hiyo imo humu. Kwa sasa maji machafu ya kwangu yanachujwa mabaki kwanza, mabaki yanakwenda kwenye pipa lenye kifuniko, na sehemu ya mbele yangu inasafishwa asubuhi na jioni. Naomba jambo hili lihesabiwe mbali na yale yaliyo juu yangu. Pia naomba, mkizungumza na wasimamizi, mwataje punda wanaofungwa kwenye ukuta wa upande wetu. Punda ndio wabebaji wetu na hakuna anayetaka waondoke mjini, lakini nzi wa samadi yao hawajui kibanda cha nani kimefunikwa na cha nani hakijafunikwa. Wakipatiwa pa kufungwa mbali na upande wa vyakula, soko zima litafaidika.

Kuhusu wakati, naomba sana mje asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, tukiwa katikati ya kazi. Kibanda kitupu kikifagiliwa kitapendeza machoni, lakini hakitawaonyesha kama maji yanatosha watu wakiwa wengi, wala kama beseni la dawa linabadilishwa. Iwapo saa moja ni mapema mno kwa ofisi, saa mbili itafaa. Kwa kuwa zuio bado lipo, siku hiyo nitapika sufuria moja ya mbaazi, viazi na samaki wachache kwa ajili ya ukaguzi tu, bila kumuuzia mtu, mkinijulisha siku moja kabla kupitia kwa msimamizi wa soko. Mkipenda kuchukua sampuli ya maji au ya chakula, nimeridhia.

Ninaharakia Ramadhani kwa sababu wengi wa wanaonunua futari kwangu ni mahamali na mabaharia wasio na jiko hapa mjini. Kuanzia alasiri ndipo wanapokuja kuchukua mbaazi na viazi, na wanabeba chakula kile hadi magharibi kabla ya kukila. Muda huo ndani ya bakuli ni mrefu, na kipindupindu kilichozunguka nchini mwaka 2022 na 2023 hakijasahaulika. Kwa hiyo futari nitaipika karibu na saa kumi na moja jioni, isikae. Kama kuna utaratibu mwingine mnaotaka niufuate kwa chakula cha kubeba, nawaomba mniandikie siku hiyo hiyo ya ukaguzi ili niuanze kabla ya mwezi kuandama.

Wenu mtiifu,

Mwanaisha Omar
Muuzaji wa chakula, Soko la Lamu

Viambatisho: nakala ya ilani ya 28 Januari 2025, nakala za vyeti vya afya vya watu watatu, nakala ya barua kuhusu mtaro, risiti za kipimajoto na kasha la barafu.

Nakala: Msimamizi wa Soko la Lamu