Pendekezo kwa Bodi ya Shule: Sera ya matumizi ya akili unde katika kazi za wanafunzi

Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
K.K. Mkuu wa Shule, Katibu wa Bodi.
Tanga, 9 Machi 2026

YAH: SERA YA MATUMIZI YA AKILI UNDE KATIKA KAZI ZA WANAFUNZI

Ndugu Mwenyekiti na wajumbe,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba pendekezo hili liingizwe katika ajenda za kikao cha Jumamosi tarehe 28 Machi 2026.

Oktoba mwaka jana nilisahihisha insha 52 za Historia za Kidato cha Tatu kuhusu Vita vya Maji Maji. Insha nne zilidai kwamba Mkwawa aliwagawia wapiganaji maji ya dawa huko Ngarambe mwaka 1905. Mkwawa alijiua mwaka 1898, na Ngarambe ni kwa Kinjekitile. Mwanafunzi mmoja akichanganya hivyo, namwita namwelekeza. Hawa walikuwa wanne, wa mitaa tofauti, na sentensi zao zilifanana hadi mkato. Nikafuatilia. Wote walipita steshenari moja ya karibu na kituo cha daladala, ambako kijana wa kaunta hupokea swali, huliingiza kwenye ChatGPT, huprinti jibu na kutoza shilingi 1,000. Wawili kati yao hawakujua hata kilichotumika. Waliambiwa tu "jibu linatoka kwenye kompyuta."

Kwa hiyo hatujadili jambo linalokuja. Limekwishafika, na limefika hata kwa mtoto asiye na simu.

Kwa sasa shule haina kauli moja. Mwalimu mmoja anachana karatasi akihisi tu kwamba kuna mkono wa mashine, mwingine anawahimiza wanafunzi wake waitumie, wa tatu hajui kama ipo. Mwanafunzi yuleyule anasifiwa kipindi cha pili na kuadhibiwa kipindi cha tano kwa jambo lilelile. Naiomba Bodi ipitishe sera fupi itakayojaribiwa muhula wa pili wa mwaka huu, Julai hadi Desemba, kisha ipitiwe upya.

Kwa nini sipendekezi kupiga marufuku

Najua wapo wajumbe watakaosema tupige marufuku tumalize. Nami nilianza hapo. Jiji la New York lilizuia ChatGPT katika mtandao na vifaa vya shule zake za umma Januari 2023, mwezi mmoja na siku chache tu baada ya zana hiyo kutolewa. Mei mwaka huohuo likabadili msimamo. Lile ni jiji lenye uwezo wa kufunga mtandao wa shule zake zote. Sisi tuna kompyuta 22 kwenye maabara na hatuna mamlaka juu ya steshenari yoyote mjini.

Lipo pia suala la haki, na ndilo linaloniuma zaidi. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu. Wa kutwa wakirudi nyumbani wanakuta simu ya mama mezani. Tukisema "marufuku" bila kubadili namna tunavyotoa kazi, atakayetii ni wa bweni, na ndiye atakayepata 11 kati ya 20 huku mwenzake aliyedesa akiondoka na 17. Marufuku ya namna hiyo inamwadhibu mtiifu.

Kwa nini tusitegemee programu za kugundua

Hapa nina kosa la kukiri. Mwaka juzi nilimpa sifuri binti wa Kidato cha Nne kwa sababu tovuti moja ya kugundua maandishi ya mashine iliniambia insha yake ni asilimia 94 ya kompyuta. Alilia, akasema ameandika mwenyewe. Sikumsikiliza. Wiki iliyofuata Mkuu wa Shule alimketisha ofisini kwake na swali jipya, kalamu na karatasi, na binti akaandika insha nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa mtindo uleule. Nilimwomba radhi mbele ya mzazi wake. Alama zake zilirudishwa, ila tangu siku ile hakuninyooshea tena mkono darasani.

Baadaye ndipo nikasoma. Kampuni ya OpenAI, waliotengeneza ChatGPT wenyewe, waliwahi kutoa chombo cha kugundua maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo: kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kikayasingizia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao walipima programu saba za aina hiyo mwaka 2023 kwa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Kiingereza chenye msamiati mchache na sentensi zilizonyooka ndicho kinachoziponza programu hizi. Hicho ndicho Kiingereza tunachowafundisha watoto wetu, na kwa wengi wao ni lugha ya pili au ya tatu.

Ninachopendekeza

Msingi ni mmoja: mwanafunzi aweze kuisimamia kazi yake kwa mdomo. Tusihangaike kuichunguza karatasi. Tumuulize aliyeileta.

1. Kila kazi itakayotolewa iandikwe juu yake moja kati ya maneno mawili: PEKE YAKO au KWA MSAADA. Nimeona mapendekezo ya kwingine yenye ngazi nne au tano za ruhusa. Walimu wetu wana vipindi vingi na mwanafunzi ana masomo zaidi ya saba. Ngazi tano hakuna atakayezikumbuka ikifika Jumatano. Kazi isiyoandikwa neno lolote ihesabiwe ni KWA MSAADA, ili uzembe wa mwalimu usimwangukie mtoto.

2. Kazi ya PEKE YAKO ifanyike darasani au wakati wa prepu, kwa mkono, mwalimu au mwalimu wa zamu akiwepo. Testi na kazi zote ambazo alama zake zinaingia kwenye alama za maendeleo zinazopelekwa NECTA ziwe za aina hii. Kazi mradi, kwa kuwa huchukua majuma, itaendelea kufanyika nje ya darasa, lakini mwanafunzi awe na daftari la rasimu linalosainiwa na mwalimu kila wiki. Daftari hilo halihitaji kuwa safi. Mifuto na mishale ndiyo ushahidi wenyewe.

3. Katika kazi ya KWA MSAADA mwanafunzi anaruhusiwa kutumia akili unde kuelezwa asichoelewa, kujipima kwa maswali, kupata mawazo ya kuanzia na kurekebishiwa sarufi. Haruhusiwi kuwasilisha aya iliyoandikwa na mashine kana kwamba ni yake. Mwishoni aandike tamko la msaada, sentensi mbili au tatu tu. Mfano: "Nimetumia ChatGPT kwa simu ya baba. Niliiomba inieleze tofauti ya osmosisi na usambaaji, kisha nikaandika kwa maneno yangu. Mfano wa viazi ni wa kwangu, tuliufanya maabara." Asiyetumia chochote aandike "Sikutumia." Aliyechapiwa steshenari aseme hivyo pia. Atakayesema kweli asikatwe alama kwa ukweli wake.

4. Mahojiano ya dakika tatu. Darasa la wanafunzi 52 likihojiwa lote ni dakika 156, na hakuna mwalimu mwenye muda huo. Hivyo kila kazi ya KWA MSAADA ikikusanywa, mwalimu aokote majina matano kwa kura mbele ya darasa. Kila aliyeokotwa aulizwe maswali mawili kutoka kwenye kazi yake: neno hili ulilotumia lina maana gani, na kwa nini umelitanguliza hili kabla ya lile. Nimelijaribu jambo hili kwa Kidato cha Tatu tangu Januari. Mara ya kwanza wawili kati ya watano walikwama kwenye maneno ya insha zao wenyewe. Mmoja aliandika "unprecedented" mara tatu na hakuweza kuitamka. Mara ya tatu hakukwama mtu. Sijui kama wameacha mashine, na kwa kweli hilo halinisumbui tena, maana wanakuja wakiwa wameisoma kazi yao.

5. Matokeo ya programu ya kugundua yasitumike kamwe kama ushahidi dhidi ya mwanafunzi.

6. Aliyeshindwa kuisimamia kazi yake airudie darasani kwa mkono, na alama za marudio ndizo zihesabiwe. Mara ya pili mzazi aitwe. Mara ya tatu suala liende kamati ya nidhamu. Hakuna kiboko kwa kosa hili. Mtoto akichapwa atajifunza kuficha, na tamko la msaada litakuwa karatasi tupu.

7. Kidato cha Kwanza na cha Pili wasitakiwe kufungua akaunti. Masharti ya OpenAI yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ridhaa ya mzazi. UNESCO nayo katika mwongozo wake wa Septemba 2023 ilipendekeza miaka 13 iwe kikomo cha chini kwa matumizi ya darasani. Hawa wadogo waione ikitumika na mwalimu maabara, kwa projekta, pamoja na makosa yake. Ile insha ya Mkwawa itafaa sana kwa somo hilo. Ridhaa ya mzazi iongezwe kwenye fomu za kujiunga, na kwa waliopo ichukuliwe kwenye kikao cha wazazi cha Juni.

8. Sisi walimu nasi tubanwe. Tusiingize majina, alama wala taarifa za afya au nidhamu za wanafunzi kwenye zana hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Mwalimu akitunga maswali kwa msaada wa mashine, ayajibu yote mwenyewe kabla ya kuyapeleka kwa wanafunzi. (Testi moja ya Februari ilikuwa na swali la kuchagua ambalo majibu yote manne yalikuwa ya uongo. Mwenye testi hiyo anajijua.) Na alama itolewe na mwalimu aliyeisoma kazi.

Gharama

Si kubwa. Daftari za rasimu kwa Kidato cha Pili na cha Nne, jumla wanafunzi 214, kwa shilingi 1,000 kila moja ni shilingi 214,000. Semina ya ndani ya siku moja kwa walimu 31, pamoja na chai na chakula cha mchana, shilingi 310,000. Bando la maabara kwa miezi sita, shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 824,000, na Mhasibu amethibitisha kwamba fungu la taaluma linaweza kuzibeba.

Gharama halisi ni muda wa walimu, na sitaki kuuficha. Mahojiano ya watu watano ni robo saa kwa kila kazi. Nimezungumza na wakuu wa idara: Sayansi na Lugha wamekubali, Hisabati wanaona haiwahusu sana kwa kuwa kazi zao nyingi hufanywa ubaoni na kwenye daftari, na Biashara wameomba kazi za KWA MSAADA zisizidi mbili kwa mwezi kwa kila somo. Naona ombi la Biashara ni la haki na nashauri liingizwe.

Maamuzi yanayoombwa

Bodi iridhie sera hii kwa majaribio kuanzia Julai 2026. Iidhinishe shilingi 824,000. Na iteue mjumbe mmoja, ikiwezekana mzazi wa mwanafunzi wa kutwa, aungane nami na wakuu wa idara kuandaa taarifa ya majaribio kwa ajili ya kikao cha Desemba. Taarifa hiyo itaonyesha idadi ya waliohojiwa, walioshindwa kusimamia kazi zao na malalamiko yaliyopokelewa, yakiwemo yatakayonihusu mimi.

Nitakuwepo kikaoni kujibu maswali. Nitakuja na zile insha nne, majina yakiwa yamefunikwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Taaluma
Idara ya Historia