Kaunta Buku la Zuhura

Kamati ilikuwa imeshaamua: Shomari na Bahati waachwe. "Hawana pumzi," alisema katibu. "Dakika ya sitini tu, hoi, kocha anawatoa." Zuhura, aliyeandika takwimu za timu bila kulipwa hata nauli, akaomba barua zisubiri hadi Ijumaa.

Usiku ule alifungua kaunta buku lake. Kila mechi ina ukurasa: tarehe, mpinzani, nani katoka, nani kaingia, dakika ya ngapi. Katibu hakukosea dakika. Wale wawili walitoka pamoja, kati ya 60 na 65. Ila si kila mechi. Zipo walizomaliza zote, na katika mojawapo Shomari alifunga dakika ya 88. Mtu asiye na pumzi anafungaje dakika ya 88?

Akajaribu kupanga kwa viwanja, kwa mvua, kwa wapinzani. Wapi. Akainukia kalenda ya mama yake ukutani, kuhakikisha tarehe moja aliyoiandika vibaya, na macho yakaangukia zile namba ndogo za Kiislamu chini ya tarehe. Akaanza kuzinakili pembeni. Mechi walizomaliza: mwezi 12, 14, 15, 17. Walizotolewa: mwezi 26, 28, 2, 4.

Mtoto wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi pale Kigoma, haelezwi hilo. Dagaa hufuata taa, na kwenye mbalamwezi taa haina kazi, vyombo vinalala. Siku za giza, vyombo huondoka kabla ya Magharibi. Mechi ya saa kumi inaisha karibu na saa kumi na mbili.

Lakini Juni 8 na Julai 6, 2024, ilikuwa giza tupu, na wote wawili walicheza dakika 90. Zuhura alikaa na kurasa hizo mbili muda mrefu, hesabu yote ikitetereka, mpaka alipokumbuka: Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi mwaka ule, tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Hakukuwa na chombo cha kuwahi.

Asubuhi alimfuata kocha.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu." Akasoma safu ile ya namba, akashusha pumzi. "Waliniomba nisiseme. Kamati itasema hawana moyo na timu. Waliona bora waitwe wachovu."

"Sasa wanaachwa, kocha."

Kocha akamrudishia buku. "Basi kasome."

Ijumaa alisoma yote, mechi kwa mechi, kocha akiwa kando yake. Katibu alitaka kuangalia ukurasa wa Julai kwa macho yake, akauangalia, akanyamaza. Mwenyekiti ndiye aliyeuliza:

"Mechi ya Mwandiga itakuwa mwezi ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Katibu, waandikie Mwandiga leo hii. Tuanze saa nane mchana."

"Saa nane jua kali, mwenyekiti."

"Na wao litawawakia. Andika."