Fomu ya Kuthibitisha Kusoma na Kuelewa Kanuni Mpya: Taarifa za Wateja na Simu Binafsi

Kanuni inaanza kutumika Jumatatu, tarehe 1 Juni 2026. Inawahusu wafanyakazi wote: wa kudumu, wa mkataba, vibarua na walio kwenye mafunzo kazini. Fomu iliyosainiwa ifike Idara ya Rasilimali Watu kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa, tarehe 22 Mei 2026.

Kabla ya kusaini

Pamoja na fomu hii umepewa kanuni yenyewe, kurasa nne. Soma kanuni kwanza, kwa sababu muhtasari ulio hapa chini hauchukui nafasi yake. Msimamizi wako anapaswa kukupa muda wa kuisoma ndani ya saa za kazi. Ukiletewa karatasi hii mlangoni wakati unaondoka, ukaambiwa "saini tu, ni utaratibu," usisaini. Irudishe na uombe muda.

Kanuni kwa ufupi

Taarifa za mteja hazipigwi picha, hazihifadhiwi wala hazitumwi kwa simu binafsi au barua pepe binafsi ya mfanyakazi. Hizo ni pamoja na kitambulisho, namba ya simu, mkataba, risiti na deni lake. Tumia skana ya mapokezi, simu ya ofisi na barua pepe ya kazi.

Sababu ni kwamba picha ya simu haikai mahali pamoja. Simu nyingi hupeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, na picha uliyoifuta huweza kubaki siku kadhaa kwenye folda ya vilivyofutwa. Ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, inaweza kuwa imeshafika kwenye simu za wanakundi wote kabla hujashtuka. Ndiyo maana kanuni haikubali utetezi wa "nilishaifuta."

Tamko la mfanyakazi

Mimi niliyesaini nyuma ya karatasi hii nathibitisha kwamba:

1. Nimepokea kanuni kamili na nimeisoma yote, au nimesomewa yote kwa lugha ninayoielewa vizuri.

2. Nilipewa nafasi ya kuuliza. Sehemu ambazo sikuzielewa nimeelezwa, na sina swali lililobaki bila jibu.

3. Naelewa kwamba haraka ya kazi haiondoi kanuni. Skana ikiharibika, namjulisha msimamizi, sipigi picha kwa simu yangu "kwa leo tu."

4. Mteja akinitumia mwenyewe nyaraka kwenye simu yangu, sitaisambaza kwa mtu yeyote, hata kwa mwenzangu wa idara. Nitamwomba aitume kwa barua pepe ya ofisi, nitaifuta kwenye simu yangu pamoja na folda ya vilivyofutwa, kisha nitamwarifu msimamizi siku inayofuata ya kazi.

5. Picha au faili za wateja zilizomo kwenye simu yangu tangu zamani nitazikabidhi ofisini na kuzifuta kabla ya tarehe 1 Juni. Naelewa kwamba kuzitaja sasa hakutaniletea adhabu.

6. Naelewa kwamba kuvunja kanuni baada ya tarehe hiyo kunaweza kunifikisha kwenye hatua za kinidhamu, na kwamba nitasikilizwa kabla ya uamuzi wowote.

Mambo ambayo sahihi yako haimaanishi

Haimaanishi kwamba umeipenda kanuni. Unathibitisha kusoma na kuelewa, basi. Malalamiko au mapendekezo yako bado unaweza kuyapeleka Rasilimali Watu kwa maandishi, hata kesho yake. Wala hujaruhusu mtu yeyote kupekua simu yako binafsi.

Asiyetaka kusaini aandike "Nimepokea" na sababu zake, aweke tarehe. Kanuni itamhusu vilevile, kwa kuwa inaanza kwa tarehe iliyotangazwa na haisubiri sahihi ya mtu mmoja mmoja.

Tamko la msimamizi

Nimemkabidhi mfanyakazi huyu kanuni kamili na nimempa muda wa kuisoma kazini. Kisha nimemuuliza: "Mteja akikutumia picha ya kitambulisho chake saa mbili usiku, utafanyaje?" Amenijibu kwa maneno yake mwenyewe, na jibu lake linalingana na kanuni. Jibu la "nimeelewa, bosi" peke yake sikulipokea. Pale lilipotolewa, tulirudi kwenye ukurasa husika na kuusoma pamoja.

Kusaini na kutunza

Mfanyakazi na msimamizi waandike nyuma ya karatasi hii jina kamili, idara, sahihi na tarehe ya siku waliyosaini kweli. Tarehe isirudishwe nyuma. Fomu isainiwe nakala mbili: moja iwekwe kwenye jalada la mfanyakazi, nyingine abaki nayo mwenyewe. Kanuni ikibadilishwa, fomu mpya itatolewa, na hii haitahesabika kuwa uthibitisho wa mabadiliko hayo.