Shimo la Kushoto kwa Nyumba

Habari za jioni, Zuhura.

Nilitaka kuanza na "dada Zuhura", ndivyo tulivyolelewa huku Tanga, kisha nikaona nitakuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Basi Zuhura tu, kwa heshima zote.

Mimi Idrisa, miaka 34, fundi wa friji na viyoyozi. Umeandika kwamba unatafuta mtu anayejua bao, halafu ukaongeza: "La kete, jamani, la kete." Hilo "jamani" limenichekesha sana. Nakisia majibu uliyoyapata kabla hujaliongeza, na sitayarudia hapa.

Ila kilichonifanya niandike ni picha yako ya tatu, ile uliyokaa mkekani na babu yako, ubao katikati. Chini yake umesema "Babu bado hajanisamehe", na kosa hukulitaja. Nimeikuza ile picha. Nakiri mapema usije ukashtuka: nilikuza ubao. (Uso nao niliuona, siwezi kudanganya, lakini hilo tuliache kwanza.)

Nilichokiona ni hiki. Mkono wako wa kushoto umefumba kete, maana yake bado mlikuwa kwenye namua. Wa kulia umeshika kete moja tu, na vidole viko juu ya shimo lililo kushoto kwa nyumba yako. Shimo hilo halikuwa tupu, nimeona kete mbili au tatu ndani. Sasa mcheza bao yeyote anajua shimo hilo linatazamana na nini upande wa pili. Linatazamana na nyumba ya Babu. Na nyumba ya Babu siku hiyo ilikuwa imenenepa, mzee alikuwa anaifuga, hajaigusa tangu mwanzo.

Zuhura, umemla babu yako nyumba. Tena mbele ya mpiga picha. Asikusamehe, ana haki.

Tangu jana ninalo swali moja ambalo picha hainijibu, kwa sababu kivuli cha kofia ya Babu kimefunika kete zake na sikuweza kuzihesabu: ulipozitoa, uliziingiza kwa kichwa kipi, cha kushoto au cha kulia? Kutoka shimo lile ruhusa unayo kote kote. Mimi ningeanzia kushoto. Lakini usinifuate, mimi hufungwa mara nyingi.

Na hapo niseme ukweli kabla hujanipa sifa nisizostahili. Nimejifunza bao ukubwani, Ngamiani, kwenye kijiwe kilicho jirani na karakana yangu. Wazee walichoka kuniona nimesimama nyuma yao kila jioni nikinong'ona, wakaniambia kaa, tukuone. Namua naicheza vizuri, wenyewe wanakubali. Shida ni kete zikishaisha mkononi. Tukiingia mtaji naona kila shimo linaniita, nakimbilia kula viwili, nageuka nakuta mstari wangu wa mbele unapiga miayo. Kuna mzee mmoja pale hunifunga mkononi, kabla hata mtaji haujafika, kisha ananiagizia kahawa kwa pesa yangu. Mwaka huu nimemfunga mara moja. Alisema alikuwa na homa.

Mengine kwa kifupi: sijaoa, sina mtoto, kila mwezi nakuja Dar kununua vipuri Kariakoo na nalala kwa dada yangu Temeke. Nimeona unafundisha hesabu sekondari. Sasa nimeelewa kwa nini Babu aliliwa.

Siombi namba ya simu leo, wala siulizi tutaonana lini. Naomba mchezo. Nina ubao wangu wa mninga hapa mezani, nadhani wewe nawe wako upo karibu. Kila mmoja apange pande zote mbili kwake, tutumiane hatua humu humu, moja kwa siku au kumi kwa usiku mmoja, utakavyojaaliwa. Nitakayemwonyesha ujumbe wako ni yule mzee wa homa tu, na ni pale nitakapokwama kwenye mtaji. Nakwambia sasa ili baadaye usiseme nimekuibia.

Nimeshapanga. Sita nyumbani, mbili na mbili kulia kwake, 22 mkononi, na kwako vivyo hivyo. Nakuachia uanze. Usidhani ni ukarimu: anayeanza hana cha kula, kazi yake ni kutakata tu.

Lakini kwanza nijibu lile la kichwa, nilale.

Idrisa