Plani ya shamba la mwani maji ya kina, Paje (tunaipitia upya kila mwisho wa mwezi)

Jamani, mwani wa kotonii wa ufukweni unakufa maji yakipata moto, ndo mana tunajaribu kina, ila hatujui kama itashika so plani ni fupi.

Wiki hii: mweka hazina ananunua kamba na maboya, nahodha athibitishe ngalawa kabla ya Ijumaa. Nusu tu ya hela itumike, nusu ibaki.

Wiki ya pili tunasubiri maji mafu, mkondo ukipungua ndo tunatia nanga, kamba 10 tu, msiniambie 30.

Wiki ya tatu na ya nne: kufunga mbegu, halafu kukagua kila siku ya pili, anaekagua apige picha, akiona ncha zinakuwa nyeupe aseme siku hiyohiyo asingoje kikao.

Julai: mavuno ya kwanza, kama wiki 6 tangu kufunga. Zikikua tunaongeza kamba, zikifa tunarudi kwenye mwani wa spinosamu.

Agosti hadi Novemba: labda kutanua, labda sabuni ya mwani, bei tutaijua hukohuko.

Disemba kaskazi, maji moto. Sijapanga kitu.