Barua kwa Afisa wa TEHAMA: Waifai ya Chumba Namba 7 kushindwa vishikwambi thelathini vinapounganishwa

Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Sita B
Chumba Namba 7

Jumatatu, 12 Mei 2025

Kwa Afisa wa TEHAMA,
Ofisi ya TEHAMA ya Shule.

Ndugu Afisa,

YAH: WAIFAI YA CHUMBA NAMBA 7 KUSHINDWA KILA VISHIKWAMBI THELATHINI VINAPOUNGANISHWA

Tafadhali rejea taarifa niliyoiacha ofisini kwako mwezi uliopita kuhusu mtandao wa Chumba Namba 7, ambayo ilifungwa kwa maelezo kwamba mtandao ulipimwa na kukutwa mzima. Ninashukuru kwamba fundi alifika haraka. Hata hivyo naomba suala hili lifunguliwe upya, kwa sababu kipimo kile kilifanyika jioni, chumba kikiwa kitupu, kwa kutumia kompyuta mpakato moja, na katika hali hiyo hata mimi sijawahi kupata tatizo lolote. Hitilafu ninayoieleza huonekana pale tu darasa zima linapowasha vishikwambi kwa pamoja, na kifaa kimoja peke yake hakiwezi kuionyesha.

Kinachotokea ni hiki. Wanafunzi wanapochukua vishikwambi kutoka kwenye kabati la chaji na kuviwasha, vile vya kwanza hujiunga na mtandao wa `WANAFUNZI` bila shida. Vikifika kama ishirini hivi, vinavyofuata hukubali nenosiri, kisha hukwama kwenye hatua ya kutafuta anwani ya IP, na baada ya muda huacha kujaribu. Wakati huohuo vile vilivyotangulia kuingia navyo huanza kulegea: alama ya waifai inaonekana imejaa, lakini ukurasa wa somo haufunguki, au hufunguka nusu bila picha. Wanafunzi wamekwisha kugundua wenyewe kwamba anayewahi kuwasha ndiye anayepata, na matokeo yake ni msukumano kwenye kabati ambao hauna uhusiano wowote na sayansi.

Kwa muda nilidhani haya yote ni tatizo moja. Baada ya kuyaangalia kwa makini zaidi, nikisaidiwa na mwalimu wa kompyuta, nimeanza kuamini kuwa ni matatizo mawili yanayokutana katika chumba kimoja, na kwamba kutatua moja na kuliacha jingine kutaturudisha hapahapa.

La kwanza linahusu anwani. Tulifungua mipangilio ya waifai kwenye vishikwambi vilivyofaulu kuunganishwa na kusoma anwani ya kila kimoja. Zote zilikuwa kati ya `192.168.10.100` na `192.168.10.199`. Hatukuona hata moja nje ya hapo. Ikiwa huo ndio upeo uliowekwa kwenye ruta, basi shule nzima inagawana anwani mia moja, nazo zinatumiwa pia na chumba cha kompyuta, mashine za kuchapisha, na simu za walimu na wageni, ambazo najua nyingi zimeunganishwa kwenye mtandao huuhuu kwa sababu nenosiri lake halijawahi kubadilishwa. Jambo lililonifanya nishuku anwani kuliko kitu kingine ni hili: nilipozima vishikwambi vitano vilivyokuwa vimeunganishwa, vile vilivyokuwa vinasubiri havikuingia. Kama kifaa cha waifai kingekuwa kimewekewa kikomo cha idadi ya vifaa, nafasi zikiachwa wazi wengine wangeingia muda mfupi baadaye. Lakini anwani iliyotolewa na DHCP hubaki imeshikwa hadi muda wake wa kukodishwa uishe, hata kama aliyepewa amekwisha kuondoka. Simu ya mgeni aliyepita asubuhi inaweza basi kuwa bado inamzuia mwanafunzi mchana. Hilo linalingana pia na ninavyoona kwamba kipindi cha kwanza, kabla shule haijachangamka, karibu vishikwambi vyote hupata anwani, ilhali vipindi vya baada ya mapumziko ndivyo vibaya kuliko vyote. Mimi sina ruhusa ya kuingia kwenye ruta, kwa hiyo kuthibitisha hili ni kazi ya ofisi yako; naamini orodha ya anwani zilizokodishwa itamaliza ubishi kwa kuangaliwa mara moja tu.

La pili ndilo zito zaidi, na ndilo ninalohofia litapuuzwa. Hata katika kipindi cha kwanza, vishikwambi vyote vikiwa na anwani, ukurasa wa somo hukwama nikiwaambia wanafunzi waufungue kwa pamoja. Jibu ninalopewa mara kwa mara, hata na walimu wenzangu, ni kwamba shule inahitaji intaneti yenye kasi kubwa zaidi. Sidhani kwamba ni hivyo. Ukurasa wenyewe ni maandishi na michoro michache, hauna video, na wakati vishikwambi vyangu vimekwama mwenzangu katika chumba cha kompyuta, ambako mashine zimeunganishwa kwa waya, aliufungua bila kungoja. Ili kuondoa shaka tulitumia kompyuta mpakato ya mwalimu, tukaiunganisha kwa waifai humuhumu Chumba Namba 7, na kuiacha ikiita ruta ya shule yenyewe, bila kwenda kwenye intaneti kabisa:

```
ping 192.168.10.1
```

Vishikwambi vikiwa vimezimwa, majibu yalirudi ndani ya milisekunde tano. Vilipowashwa vyote na wanafunzi kuanza kazi, majibu mengi yalichukua zaidi ya milisekunde 800 na mengine hayakurudi kabisa. Kwa kuwa kipimo hiki hakitoki nje ya shule, kuongeza kasi ya intaneti hakuwezi kukiponya. Tatizo liko hewani, kati ya vishikwambi na kifaa cha waifai.

Nadhani sababu zake zinaonekana kwa macho. Kifaa kinachotuhudumia kimefungwa kwenye korido, nje ya mlango wa Chumba Namba 6, na ndicho kinachotegemewa na vyumba vitatu. Mawimbi yanapita ukuta wa matofali kabla ya kufika kwetu, na wanaokaa nyuma karibu na madirisha ndio wanaoteseka kwanza. Aidha, tulipofungua maelezo ya mtandao kwenye vishikwambi, karibu vyote vilikuwa vimeunganishwa kwenye gigahezi 2.4 na si 5, na programu ya mwalimu wa kompyuta ilionyesha kwamba kifaa hicho na kingine cha mwisho wa korido vyote viko kwenye chaneli ya 6. Katika gigahezi 2.4, zikiwa na upana wa kawaida, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Vifaa vinavyosikiana kwenye chaneli moja hulazimika kupokezana zamu. Chaneli moja ya waifai ni kama darasa ambamo anaruhusiwa kusema mmoja tu kwa wakati, na aliye mbali akisema polepole, wote humngoja. Wanafunzi thelathini wangu, pamoja na wale wa vyumba jirani, wamewekwa katika darasa hilo moja.

Nimetaja pia kwa mwalimu wa kompyuta jambo jingine ambalo si kubwa lakini linachangia: vishikwambi hukaa kabatini vikiwa vimezimwa, na vikiwashwa tu huanza kupakua masasisho ya programu wakati uleule ninapoanza kufundisha. Naona masasisho hayo yangepangwa yafanyike usiku, vishikwambi vikiachwa vimewashwa kwenye chaji.

Kwa sasa ninafundisha kwa kuwaweka wanafunzi wawili wawili, vishikwambi kumi na tano vikiwa vimezimwa, na kwa idadi hiyo somo huenda, ingawa ukurasa hufunguka kwa kusuasua. Njia hii inatosha kwa kusoma, ila haitafaa kwa tathmini. Tathmini ya mwisho wa muhula ya darasa langu itafanyika kwenye vishikwambi kuanzia Jumatatu, 2 Juni 2025, kila mwanafunzi akijibu peke yake, na majibu hutumwa yote dakika za mwisho. Mwanafunzi ambaye kishikwambi chake kitakwama hapo hatakuwa na namna ya kuonyesha kwamba alijibu. Sitaki kumweka mtoto yeyote katika hali hiyo, na sitaki pia kurudi kwenye karatasi wakati vifaa vimekwisha kununuliwa.

Kwa hiyo naomba mambo machache, nikianza na lile ninalolipa uzito kuliko yote: fundi aje kupima wakati darasa lipo. Kipindi changu cha Alhamisi, 15 Mei, kinaanza saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na nimekwisha kukipanga kiwe cha vishikwambi vyote thelathini ili tatizo lijioneshe lenyewe. Katika ujio huo, au kabla yake, naomba upeo wa anwani za DHCP uongezwe na muda wa kukodisha ufupishwe ulingane na siku ya masomo, na simu za walimu na wageni zihamishiwe kwenye mtandao wao wenye anwani zake. Hayo, kwa uelewa wangu, ni mipangilio tu na hayahitaji kununua kitu. Vilevile naomba chaneli za vile vifaa viwili vya korido zitenganishwe, na vishikwambi vielekezwe kwenye gigahezi 5 ikiwa kifaa kilichopo kinaimudu.

Najua kwamba gigahezi 5 hupenya ukuta kwa shida zaidi kuliko 2.4, na kwa sababu hiyo naamini tutafikia mahali ambapo Chumba Namba 7 kitahitaji kifaa chake cha waifai ndani, kilichoungwa kwa waya. Sidai kifanyike wiki hii. Hata hivyo, kama bajeti ya muhula ujao inaandaliwa sasa, ningependelea fedha zielekezwe huko badala ya kwenye kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, ambacho nimesikia kinajadiliwa na ambacho hakitaigusa hitilafu hii.

Iwapo vipimo vyako vitaonyesha sababu tofauti na hizi nilizozitaja, nitafurahi kuzisikia. Mimi ni mwalimu wa sayansi na nimeandika nilichokiona. Ninachoomba ni kwamba taarifa hii isifungwe kabla vishikwambi thelathini havijafungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja mbele ya fundi.

Siku ya Alhamisi vishikwambi vitakuwa vimechajiwa na kupewa namba 1 hadi 30, na nitakuwa na karatasi yenye anwani tulizozisoma na majibu ya vipimo vya kompyuta mpakato. Ikiwa saa hiyo haitamfaa fundi, naomba nijulishwe kabla ya Jumatano mchana ili nibadilishane kipindi na mwenzangu.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Sayansi, Darasa la Sita B

Nakala: Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Kompyuta